Jina la Cheti Linapotofautiana na la Pasipoti: Utaratibu kwa Waombaji wa Leseni za Taaluma

Muuguzi, daktari, mfamasia au mhandisi anayeomba leseni ya kufanya kazi nje ya nchi huwasilisha nyaraka za aina mbili. Ya kwanza ni pasipoti, ambayo humtambulisha kuwa yeye ni nani. Ya pili ni vyeti vya elimu na usajili, ambavyo huonyesha amesomea nini na ameruhusiwa kufanya nini. Mamlaka inayotoa leseni huunganisha nyaraka hizo kwa kutumia jina na tarehe ya kuzaliwa. Jina likiandikwa Athumani katika cheti na Othman katika pasipoti, muunganiko huo hukatika, na ombi husimama hadi mwombaji athibitishe kuwa majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.

Makala haya yanaeleza namna ya kurekebisha tofauti hiyo kwa Mtanzania aliyesoma nchini na anayetaka leseni ya nje, yakitumia mfano wa muuguzi. Wanataaluma wengine hufuata njia ileile, isipokuwa kwamba kila mmoja hushughulika na baraza au bodi ya taaluma yake.

Kwa nini herufi moja huzuia ombi

Mkaguzi wa nyaraka haulizi swali la sarufi. Anachotaka kujua ni iwapo cheti kilichowasilishwa ni cha mtu aliyewasilisha, au kimeazimwa kwa ndugu au kununuliwa. Tanzania inalifahamu tatizo hilo. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki wa aina hiyo huanzia kwenye jina, na ndiyo sababu tofauti ndogo huchukuliwa kwa uzito mkubwa.

Katika nchi za Ghuba, zikiwemo Saudia, Katari, Omani na Falme za Kiarabu, mamlaka za leseni za afya hutumia utaratibu unaoitwa uthibitisho kutoka chanzo, ambao kwa kiasi kikubwa huendeshwa kupitia kampuni ya DataFlow. Mkaguzi hatosheki na nakala iliyogongwa muhuri. Humwandikia moja kwa moja aliyetoa cheti, yaani chuo, baraza la taaluma au mwajiri wa zamani, na kumuuliza iwapo ana kumbukumbu za mtu mwenye jina hilo. Chuo kikiulizwa kuhusu jina la pasipoti ambalo halimo katika daftari lake, jibu la haki ni kwamba hakina mwanafunzi wa jina hilo. Jibu la namna hiyo huweza kuandikwa kwenye ripoti kama cheti kisichothibitika, na mwombaji akahesabiwa kuwa na tatizo ambalo hakulitenda.

Aina tatu za tofauti

Kabla ya kwenda ofisi yoyote, mwombaji anapaswa kujua tofauti aliyonayo ni ya aina gani, kwa kuwa kila aina ina tiba yake.

Aina ya kwanza hutokana na maandishi ya mashine. Chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti ipo mistari miwili ya herufi kubwa inayosomwa na mashine, kila mstari ukiwa na nafasi 44. Kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, mistari hiyo haipokei ritifaa. Jina kama Ng'winamila huandikwa NGWINAMILA, na kistari cha kuunganisha majina mawili hugeuzwa kuwa alama ya kujaza nafasi. Hapo hakuna aliyekosea, na tofauti hiyo haihitaji kusahihishwa. Inahitaji kuelezwa tu. Katika kundi hilihili huingia jina la kati lililofupishwa kwa herufi moja, mfano A. badala ya Athumani.

Aina ya pili ni jina moja lililoandikwa kwa tahajia mbili. Majina yenye asili ya Kiarabu ndiyo yanayoongoza kwa hali hii: Saidi na Said, Mohamedi na Muhammad, Athumani na Othman, Rukia na Ruqaya. Shuleni jina liliandikwa kama lilivyotamkwa na mwalimu. Kwenye usajili wa kitambulisho likaandikwa kama mhusika alivyozoea kusaini. Hapa lazima ibainishwe nyaraka ipi ndiyo yenye kosa.

Aina ya tatu ni jina lililobadilika kweli: mwanamke aliyechukua jina la mume, mtu aliyebadili dini, au aliyeacha jina la mlezi na kuchukua la baba mzazi. Hili si suala la tahajia, na haliwezi kutatuliwa kwa maelezo ya tahajia.

Kiapo si hati ya kubadili jina

Waombaji wengi hupoteza muda kwa kuchanganya nyaraka mbili zinazofanya kazi tofauti kabisa.

Kiapo cha majina ni tamko la mhusika, lililoapwa mbele ya Kamishna wa Viapo, kwamba majina mawili au zaidi yaliyomo katika nyaraka zilizotajwa ni ya mtu mmoja. Kiapo hakibadili jina lolote. Kinajenga daraja kati ya nyaraka ambazo zitaendelea kubaki kama zilivyo. Kinafaa kwa tofauti ya aina ya kwanza, na kwa ile ya pili pale ambapo nyaraka yenye kosa haiwezi kusahihishwa kwa wakati.

Hati ya kubadili jina hufanya zaidi ya hapo. Mhusika hutamka kuwa ameliacha jina la zamani na kuanzia tarehe hiyo atatumia jina jipya, kisha hati husajiliwa kwa Msajili wa Nyaraka chini ya Sheria ya Usajili wa Nyaraka, Sura ya 117. Ndiyo inayotakiwa kwa tofauti ya aina ya tatu, isipokuwa kama badiliko limetokana na ndoa, ambapo cheti cha ndoa ndicho huonyesha kiungo. Ikumbukwe kuwa hati hii hutazama mbele. Haifuti jina lililoandikwa katika cheti cha Kidato cha Nne kilichotolewa miaka kumi iliyopita, kwa kuwa siku ya mtihani mhusika alikuwa akitumia jina lile. Mwombaji atawasilisha cheti cha zamani pamoja na hati, na vyote viwili vitasomwa kwa pamoja.

Mtu ambaye jina lake halijabadilika, bali limeandikwa vibaya mahali fulani, hapaswi kuandaa hati ya kubadili jina. Akifanya hivyo atakuwa ametamka kisheria kwamba aliwahi kuwa na jina ambalo hakuwahi kuwa nalo, na maelezo hayo yatamfuata katika kila ombi la baadaye.

Nyaraka ipi isahihishwe kwanza

Nyaraka za utambulisho hufuatana kama mto na vijito vyake. Chanzo ni cheti cha kuzaliwa, kinachotolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) kwa Tanzania Bara, na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa Zanzibar. Kutoka hapo hupatikana taarifa za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA), na taarifa hizo ndizo hutumika katika maombi ya pasipoti Idara ya Uhamiaji.

Kwa hiyo kosa husahihishwa kuanzia juu kwenda chini. Ikiwa cheti cha kuzaliwa ni sahihi na NIDA wamekosea, mwananchi huanzia ofisi ya NIDA ya wilaya akiwa na cheti hicho, ndipo aende Uhamiaji. Anayekimbilia pasipoti mpya kabla ya kusahihisha taarifa za NIDA hurudishiwa kosa lilelile katika kitabu kipya, kwa sababu limetoka kwenye chanzo kilekile.

Jina katika pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa nchini Januari 2018, haliwezi kurekebishwa kwa kalamu na muhuri. Limehifadhiwa pia katika kifaa kidogo kilichomo ndani ya kitabu, likiwa limefungwa kwa saini ya kielektroniki ya nchi iliyotoa. Marekebisho yoyote ya jina humaanisha pasipoti mpya yenye namba mpya. Hivyo, mwombaji ambaye tayari amefungua ombi la leseni kwa pasipoti aliyonayo asiibadili katikati ya safari. Ombi, ripoti ya uhakiki na viza vyote hubeba namba ile ya kwanza, na kuibadili huzaa tofauti nyingine mpya. Huyo atumie kiapo hadi ombi limalizike.

Kwa upande wa vyeti vya elimu, aliyetoa cheti husahihisha tu kosa lake mwenyewe. Kama daftari la udahili la chuo lina tahajia sahihi na cheti kimekosewa wakati wa kuchapwa, chuo kina msingi wa kukirekebisha. Kama cheti kinalingana na jina ambalo mwanafunzi alisajiliwa nalo, basi cheti hicho hakina kosa, na tiba itafutwe kwingine. Kwa hali yoyote, mwombaji asiguse cheti kwa kalamu, wino wa kufutia au programu ya kuhariri picha. Kubadili herufi moja katika cheti ni kughushi, hata kama herufi hiyo ndiyo iliyo sahihi.

Mfano wa muuguzi

Mfano huu, wenye jina la kubuni, unaonyesha jinsi hatua zinavyofuatana. Muuguzi mwenye stashahada amepata nafasi ya kuomba leseni katika nchi mojawapo ya Ghuba. Anapopanga nyaraka zake mezani, anakuta majina yafuatayo:

- Cheti cha kuzaliwa: Rehema Athumani Ng'winamila
- Cheti cha Kidato cha Nne: Rehema Athumani Ng'winamila
- Stashahada ya uuguzi: Rehema A. Ngwinamila
- Usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga: Rehema Athumani Ngwinamila
- Kitambulisho cha Taifa na pasipoti: Rehema Othman Ngwinamila

Mstari wa kwanza wa mashine katika pasipoti yake unasomeka hivi:

```
P<TZANGWINAMILA<<REHEMA<OTHMAN<<<<<<<<<<<<<<
```

Akitazama orodha hiyo, muuguzi anaona kuwa ana tofauti tatu na si moja. Ritifaa imepotea katika nyaraka nne, jina la kati limefupishwa katika stashahada, na Athumani amegeuka Othman katika kitambulisho na pasipoti. Mbili za kwanza ni za maandishi. Ya tatu ni kosa la tahajia, na nyaraka zilizokosewa ni kitambulisho na pasipoti, kwa kuwa cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na usajili wa taaluma vyote vina Athumani.

Kwa kuwa hajafungua ombi, anaanza na NIDA. Anawasilisha cheti cha kuzaliwa na kuomba jina la kati lisahihishwe. Taarifa zikishabadilika, anaomba pasipoti mpya Uhamiaji na kuhifadhi nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti ya zamani, kwa sababu mikataba au viza za nyuma huenda zikatajwa baadaye. Jina katika mistari ya mashine sasa ni REHEMA ATHUMANI NGWINAMILA.

Baada ya hapo anakwenda chuoni. Haombi stashahada mpya, kwani iliyopo haina kosa. Anaomba barua ya msajili wa chuo inayoeleza kuwa herufi A. katika stashahada husimama badala ya Athumani, ikitaja namba yake ya udahili, mwaka wa kuhitimu na tarehe ya kuzaliwa. Barua hii ina faida mbili. Inaambatishwa kwenye ombi, na pia inamweka msajili tayari, kwani ndiye atakayeulizwa na mkaguzi.

Hatua ya mwisho ni kiapo cha kueleza ritifaa na kifupisho. Alipokuwa na Othman, kiapo kingebeba mzigo mzito. Sasa kinabeba tofauti mbili nyepesi ambazo mkaguzi yeyote huzielewa.

Kama angekuwa amekwisha kufungua ombi kwa pasipoti yenye Othman, mpangilio ungebadilika. Angeapa kiapo kinachotaja tahajia zote, akamalizia ombi kwa pasipoti ileile, na kushughulikia NIDA na Uhamiaji baadaye. Leseni ingetoka kwa jina la Othman, na siku atakapobadili pasipoti angelazimika kuiarifu mamlaka iliyotoa leseni ili jina lirekebishwe huko pia. Njia hiyo inafika, lakini ni ndefu zaidi.

Kiapo kinachokubalika

Kiapo kizuri huitaja kila nyaraka kwa jina lake, namba yake, tarehe na ofisi iliyoitoa, kisha hunukuu jina herufi kwa herufi kama lilivyo humo. Sentensi ya msingi huweza kuwa kama ifuatavyo: "Kwamba majina Rehema Athumani Ng'winamila, Rehema Athumani Ngwinamila na Rehema A. Ngwinamila, kama yanavyoonekana katika nyaraka zilizotajwa hapo juu, ni majina ya mtu mmoja, ambaye ni mimi." Aya inayofuata hueleza sababu ya tofauti kwa ufupi, na nyingine hutaja jina ambalo mwapaji atalitumia tangu sasa, ambalo ni lile la pasipoti.

Sehemu inayokosewa mara nyingi ni ya mwisho, ambapo Kamishna wa Viapo huthibitisha kuwa mwapaji amefika mbele yake. Sheria ya Mthibitishaji wa Umma na Kamishna wa Viapo, Sura ya 12, katika kifungu cha 8, inamtaka Kamishna aandike jina lake na kueleza kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipofanyika. Mahakama za Tanzania zimekuwa zikitupa viapo vyenye dosari katika sehemu hiyo. Kabla ya kuondoka ofisini, mwapaji ahakikishe kuwa jina, mahali, tarehe, saini na muhuri vyote vipo, na kuwa yeye mwenyewe amesaini mbele ya Kamishna.

Kiapo kikiandikwa kwa Kiswahili na nchi inayopokea ikataka lugha nyingine, tafsiri ifanywe na mfasiri anayetambulika, na majina yabaki bila kuguswa. Mfasiri anayegeuza Athumani kuwa Othman kwa nia njema huirudisha tofauti iliyokwisha kuondolewa. Pale nchi husika inapotaka nyaraka zithibitishwe na Serikali, hupelekwa Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki kabla ya kwenda ubalozini.

Mahali ombi linapokwama tena

Hata baada ya hatua hizo, baadhi ya maombi hurudishwa, na sababu zake hazitofautiani sana. Ya kwanza ni kiapo kinachotaja majina mawili ilhali jalada lina matatu. Mwombaji huapa kuhusu cheti na pasipoti, akasahau orodha ya matokeo ya chuo au barua ya mwajiri yenye tahajia nyingine. Njia ya kujikinga ni kuandika orodha ya nyaraka zote, kama ilivyofanyika katika mfano, kabla ya kwenda kuapa.

Ya pili ni fomu ya ombi yenyewe. Sehemu ya jina la mwombaji hujazwa kama pasipoti ilivyo, na sehemu ya jina lililomo katika cheti hujazwa kama cheti kilivyo. Anayejaza jina moja kote kwa kudhani anarahisisha kazi humfanya mkaguzi akiulize chuo kuhusu jina ambalo chuo hakilijui. Vivyo hivyo katika barua ya ridhaa inayokiruhusu chuo kutoa taarifa: majina yote mawili yaandikwe humo.

Ya tatu ni tarehe ya kuzaliwa. Kiapo cha majina hakitibu tofauti ya tarehe. Majina yakikubalika lakini cheti cha kuzaliwa kikawa na mwaka mmoja na pasipoti mwaka mwingine, mkaguzi hubaki bila kitu cha kumuunganisha mtu na vyeti vyake, na suala hilo hushughulikiwa peke yake, kwa kuanzia ofisi ya usajili wa vizazi.

Wananchi wanaotarajia kuomba leseni wanakumbushwa kulinganisha nyaraka zao kabla ya kulipia ombi lolote, na kupata orodha ya viambatisho vinavyohitajika, ada na muda wa huduma kutoka NIDA, RITA, Idara ya Uhamiaji na mabaraza ya taaluma zao moja kwa moja, badala ya kutegemea mawakala wa mitaani wanaoahidi kurekebisha jina bila mhusika kufika ofisini.